Chemchemi ya haidrojeni kloraidi: mambo ya kuzingatia kabla ya kufungua kibano

Anza na flaski, na uanze jana yake. Jaribio hili, ambamo gesi inayonywewa na maji huyafanya maji ya bika yaruke juu ndani ya flaski, likiharibika, mara nyingi limeharibikia kwenye beseni la kuoshea vyombo, kabla mwanafunzi yeyote hajaingia maabara. Mililita 1 ya maji kwenye joto la kawaida la chumba hunywa zaidi ya mililita 400 za haidrojeni kloraidi. Linganisha sasa na flaski ya mililita 500 uliyoisuuza asubuhi ukaipindua ikauke. Kwa unyevu wa Dar es Salaam haikauki. Matone machache yaliyobaki shingoni yanaweza kunywa gesi inayotosha kujaza flaski karibu yote, na yataendelea kuinywa kimyakimya hata baada ya kuziba.

Kwa hiyo ikaushe kwa joto, kwenye oveni ya maabara au hata kwa mashine ya kukaushia nywele, halafu iache ipoe ikiwa imezibwa. Mrija wa kioo wenye ncha nyembamba nao ukauke ndani. Huo ndio watu huusahau. Wakati wa kujaza, angalia ndani ya flaski: gesi yenyewe haina rangi, hivyo ukiona ukungu mweupe umetanda au vitone vinang'aa ukutani, bado kuna unyevu. Acha, kausha upya.

Flaski iwe ya duara chini, isiyo na ufa hata mdogo unaofanana na nyota. Ya kitako bapa usiiguse kwa kazi hii, hata kama ndiyo pekee iliyopo kabatini. Gesi ikishayeyuka, ndani kunabaki karibu utupu, na hewa ya nje inakandamiza kila sentimita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 1. Duara huugawa mzigo huo. Kitako bapa hupasuka kwa ndani. Miwani ya usalama ni lazima kwa kila aliye karibu, na wanaotazama wakae nyuma ya kioo cha kinga.

Gesi hutengenezwa kwa kudondoshea asidi kali ya salfuriki juu ya chumvi ya mezani. Gramu 10 za chumvi na mililita 10 hivi za asidi zinatosha na kubaki. Chumvi ya chengachenga ni bora kuliko iliyosagwa laini, kwa sababu iliyosagwa hutoa povu linalopanda hadi kwenye mrija. Ipitishe gesi kwenye chupa yenye asidi kali ya salfuriki ili ikauke, kisha iingie kwenye flaski iliyosimama wima, mrija ukifika karibu na kitako. Haidrojeni kloraidi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hujaza kutoka chini na kuisukuma hewa itoke juu. (Aliyezoea kufanya chemchemi ya amonia hupindua flaski kwa mazoea. Amonia ni nyepesi, hii siyo.) Kazi hii ifanyike ndani ya chemba ya moshi, kama haipo, basi nje, upepo ukitoka mgongoni kwako. Gesi inachoma pua na macho mara moja.

Utajuaje imejaa? Karatasi ya litmasi ya bluu iliyoloweshwa itadanganya, maana hugeuka nyekundu gesi kidogo tu inapofika mdomoni, hewa ikiwa bado imejaa tele. Mimi huleta kijiti cha kioo kilichochovywa kwenye amonia: moshi mzito mweupe ukitoka mfululizo, huacha gesi iendelee dakika moja zaidi, ndipo naziba.

Kizibo cha mpira kiwe na matundu mawili. Moja lipitishe mrija wenye ncha, ambao mkia wake umefungwa kwa mpira na kibano. Jingine lipokee bomba la sindano lenye mililita 2 za maji. Bika ya chini iwe na lita 1 ya maji kwa flaski ya nusu lita. Nimewahi kuweka mililita 400 nikidhani zinatosha. Chemchemi ilipanda vizuri, kisha mrija ukaanza kufyonza hewa kwa mlio wa mtu anayemalizia uji, na kipimo chote kikawa hakina maana.

Flaski ikishapinduliwa na mkia wa mrija ukiwa umezama, sukuma maji ya sindano kwanza, kisha fungua kibano. Yale maji machache hunywa gesi, kanieneo ndani inashuka, na hewa inayokandamiza maji ya bika inayasukuma juu. Kila tone linaloingia linanywa gesi zaidi, ndiyo maana chemchemi huongezeka nguvu badala ya kufifia. Ikianza kwa unyonge, tazama kizibo: hewa inapita pembeni.

Amua mapema utatia rangi gani kwenye bika. Litmasi ya bluu inayogeuka nyekundu ikipenya nchani inapendeza kutazama. Lakini ukitaka kupima asidi iliyopatikana, tumia matone ya methili oranji: njano chini, nyekundu juu, na rangi hiyohiyo itakusaidia kwenye titresheni.

Na kipimo hicho kifanye, kwa sababu jibu lake unaweza kulijua kabla. Kwa joto la nyuzi 30 kando ya bahari, moli 1 ya gesi huchukua karibu lita 25. Mililita 500 ni moli 0.02. Zikiyeyuka kwenye maji yaliyochukua nafasi yake, yaani mililita 500 hizohizo, unapata moli 0.04 kwa lita, pH karibu 1.4. Ukubwa wa flaski haubadilishi kitu. Hata kama hewa ilibaki na maji yakaishia mililita 400, jibu ni lilelile: kila mililita ya maji iliyoingia imechukua nafasi ya mililita moja ya gesi.

Funga kibano maji yanapotulia, kabla hujainua flaski, la sivyo asidi itashuka kwenye bika. Itikise flaski vizuri, kwani maji yaliyotangulia kuingia yalikunywa gesi nyingi kuliko yaliyofuata. Chukua mililita 25, uzipime kwa sodiamu haidroksaidi ya moli 0.05 kwa lita. Bureti isome karibu 20. Nairobi, ambako hewa ni nyepesi kwa sababu ya mwinuko, tarajia karibu 17.

Ikisoma 28? Gesi haiwezi kuzidi ujazo wa flaski, kwa hiyo ziada ilitoka mahali pengine: nusu mililita ya maji ilikuwa tayari ndani, ikanywa zaidi ya mililita 200 za gesi wakati wewe unaendelea kujaza. Ikisoma pungufu sana, kama 12, chunguza kama kibano kilifungwa kwa kuchelewa au flaski haikutikiswa.

Mabaki ya flaski ya kwanza, ile ya chumvi, bado yana asidi kali. Yaache yapoe kabisa, kisha yamimine taratibu kwenye maji mengi, usimimine maji juu yake, na uyatulize kwa magadi mpaka povu likome.