Upinde wa mvua kwenye picha: anza na kivuli, rangi baadaye

Masika yakiingia tu naanza kutumiwa picha: mashua, anga, na upinde wa mvua uliobandikwa kama stika. Swali ni lilelile, "mbona wangu unaonekana wa uongo?" Nimeshajibu kwa simu, kwa sauti na barazani. Leo naandika, na atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Natumia GIMP kwa kuwa ni ya bure. Mfano ni picha ya simu, piseli 4000 kwa 3000, lenzi ya milimita 26, iliyopigwa gatini Lamu kuelekea Manda mwezi wa Mei, saa 11 jioni. Simu ilishikwa sawa, upeo wa macho umekaa katikati ya picha.

1. Fungua picha, fanya nakala ya leya ya chini.

2. Tafuta jua. Upinde hukaa upande wa pili wa jua, siku zote. Kitovu chake ni pale kivuli cha kichwa cha mpiga picha kinapoelekea. Gati la Lamu linatazama mashariki, kwa hiyo jioni jua liko nyuma ya mji na upinde unaweza kusimama juu ya Manda. Asubuhi, picha hiyohiyo haiwezi kuwa na upinde. Kama vivuli vya watu vinakuja kwako, funga GIMP ukanywe chai.

3. Pima kimo cha jua. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo soma polepole. Mwekundu wa upinde uko nyuzi 42 hivi kutoka kwenye kitovu. Kitovu nacho kiko chini ya upeo wa macho kwa nyuzi zilezile ambazo jua liko juu yake. Jua likipanda, upinde unazama. Likifika nyuzi 42, umekwisha: kwa aliyesimama chini hakuna upinde wa kuona. Kwa Lamu, mwezi wa Mei, hiyo ni karibu saa 9 na dakika 10 alasiri. Ukiuweka kwenye picha ya adhuhuri, mvuvi yeyote atakucheka hata kama hajui kwa nini anacheka.

Kimo hukipati kwa kukisia. Tafuta kitu kilichosimama wima, uliza kivuli chake ni mara ngapi ya urefu wake. Kwenye mfano wetu, nguzo ya kufungia mashua ina kivuli mara tatu. Hiyo ni nyuzi 18 na kidogo. Basi kilele cha upinde ni 42 kutoa 18.4, yaani nyuzi 23.6 juu ya upeo wa macho.

4. Geuza nyuzi kuwa piseli. Kwa simu hii:

```
f = 5000 × 26 / 43.3 ≈ 3000
kilele = 3000 × tan(23.6°) ≈ 1310
```

5000 ni piseli za kona hadi kona, 26 ni milimita za lenzi, na 43.3 ni milimita za kona hadi kona ya fremu ya filamu ambayo hizo 26 hupimwa nayo; f ni urefu wa lenzi kwa piseli. Kilele kiko piseli 1310 juu ya upeo wa macho, yaani 190 kutoka ukingo wa juu wa picha.

Sasa tahadhari. Kitovu halisi kiko piseli 1000 chini ya upeo wa macho, na ukichora duara kutoka hapo, upinde utabana mno. Lenzi pana huvuta vitu vya pembeni, na upinde huvutwa pamoja navyo. Kwa picha hii, duara linalokaribia ukweli linaanzia katikati kabisa ya ukingo wa chini na kupanda hadi kilele. Miguu ya upinde itaangukia nje ya picha, kulia na kushoto. Iache huko. Nusu duara nzima, miguu yote miwili ndani ya picha moja ya lenzi ya 26, ndiyo alama ya kwanza ya uongo.

5. Gradienti. Leya mpya iliyojaa weusi, Mode iwe Screen. Chukua Gradient, Shape: Radial, vuta kutoka katikati ya ukingo wa chini hadi kilele. Weusi hadi asilimia 94, zambarau 95, kisha buluu, kijani, njano, mwekundu 99, weusi tena 100. Mwekundu uko nje. Usisahau weusi wa mwisho, la sivyo anga yote ya juu itakuwa nyekundu.

Screen huongeza mwanga tu, na weusi hupotea. Upinde wenyewe ni mwanga ulioongezwa juu ya kilicho nyuma, ndiyo maana hung'aa mbele ya wingu jeusi na kufifia mbele ya jeupe. Mode ya Normal inakupa rangi ya ukutani.

6. Gaussian Blur ya piseli 15 hivi. Jua lina upana wa nusu nyuzi, kwa hiyo rangi hupandana. Opacity 25 hadi 35.

7. Weka Layer Mask, futa upinde mahali pasipo na mvua na juu ya jahazi lililo karibu.

8. Ndani ya upinde anga huwa jeupe kidogo kuliko nje. Leya nyingine ya Screen, kijivu, ndani ya duara lilelile, Opacity 8. Hii ndogo ndiyo inayowadanganya hata wapiga picha.

Maswali

Mtoto wa Pate: Nimefuata yote, upinde wangu bado mbaya. Kwa nini?
— Picha ya saa ngapi?
Mtoto wa Pate: Saa 7 mchana.
— Rudi hatua ya 3.

Bi Shela: Nataka mistari ya mvua inayometameta pamoja na upinde.
— Chagua moja, dada. Matone humetameta ukilitazama jua, upande ambao upinde haupo. Jua likiwa mgongoni, mvua ya jua huonekana kama pazia jepesi la ukungu. Fanya leya ya kijivu, noisi kidogo, Motion Blur ya wima iliyoinama na upepo, Opacity 10. Ukitaka mistari, tumia picha ya upande wa jua, na upinde uuache.

Mpwa wa Nahodha: Samahani mwalimu, umejuaje miguu iko nje?
— Swali zuri hili. Kwenye upeo wa macho, gawanya cos 42 kwa cos 18.4, unapata 0.783, ambayo ni cos ya nyuzi 38.5. Mguu uko hapo, kulia na kushoto. 3000 × tan 38.5 ni karibu 2386, na nusu ya upana wa picha ni 2000. Jua likiwa chini zaidi, miguu hutanuka zaidi.

Mpwa wa Nahodha: Na upinde wa pili?
— Uko nyuzi 51, rangi zimegeuka, mwekundu ndani, na ni hafifu kuliko nusu ya wa kwanza. Kwa picha hii kilele chake kinapita juu ya ukingo. Ukiuonyesha mahali pengine, kati ya pinde mbili tia giza kidogo.

Kijana wa Malindi: Huku bahari iko mashariki. Nimeweka upinde baharini jua likichomoza, watu wamependa sana. Unasemaje?
— Nasema jua na upinde viko fremu moja. Wapende wao.

Kijana wa Malindi: Basi jioni, kutoka gati?
— Jioni ndiyo. Karibu na machweo, punguza buluu na zambarau, kwa sababu mwanga wenyewe umeshakuwa mwekundu.

Bi Shela: Na wa kweli nikiukuta? Wangu hupotea kwenye kamera.
— Una filta ya polaraizi? Izungushe. Mwanga wa upinde umepolaraizika, upande mmoja wa filta unaufuta karibu wote, ukizungusha robo duara unarudi mkali kuliko unavyouona kwa jicho. Ila kwa lenzi pana utafutika kwa sehemu, kilele kikae na pembeni pafifie, kwa hiyo vuta karibu uchukue kipande kimoja.