Mharage wa gizani ukiwa mrefu kuliko wa mwangani: somo la jaribio la haki kwa Darasa la Tano

Swali ninalolianza nalo ubaoni huwa ni hili: "Je, mharage unahitaji mwanga ili ukue?" Darasa zima hujibu "Ndiyo!" kabla sijashusha chaki. Nalipenda kwa sababu siku kumi baadaye rula huwaonyesha kitu kingine kabisa, na hapo ndipo mtoto anaelewa kwamba kupanga jaribio ni kazi ya akili, si kufuata maelekezo.

Somo linachukua vipindi viwili vya kupanga, dakika chache kila asubuhi kwa siku kumi, na kipindi kimoja cha kujadili. Kwa wanafunzi 54 naunda vikundi tisa vya watu sita. Kila kikundi kinahitaji chupa mbili za plastiki zilizokatwa nusu, udongo wa bustani, maharage sita, maboksi mawili yanayolingana, rula na kipande cha uzi. Maharage nayaloweka mimi usiku wa kuamkia siku ya kupanda, tena naloweka ya ziada, kwa kuwa mengine hayaoti.

Hatua ya 1: Wapange wenyewe, wewe uulize

Usiwape utaratibu. Waambie kila kikundi kiandike au kichore kitakachofanya, kisha pita mezani. Mara ya kwanza mpango huwa hivi: "Tutapanda mharage mmoja nje juani na mwingine kabatini. Tutaona upi utakua." Hapo usiseme kwamba wamekosea. Uliza:

"Huyu wa nje akinyeshewa na mvua, na wa kabatini hajanyeshewa, akikua zaidi tutasema ni mwanga au ni maji?"

Kisha nyamaza. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na wakifikisha sekunde tatu majibu ya wanafunzi huwa marefu na wengi zaidi hushiriki. Mimi huhesabu moyoni moja, mbili, tatu, nne. Sekunde hizo ni nzito, lakini mara nyingi ndizo zinazomtoa yule mtoto wa nyuma ambaye hajawahi kunyoosha mkono.

Kutoka hapo maswali yanafuatana: "Nini kingine ni tofauti kati ya nje na kabatini?" Watataja joto, upepo, kuku. "Tufanye nini ili vyote hivyo vifanane, ibaki tofauti moja tu?" Wakifika hapo, andika ubaoni mistari mitatu na uwaachie waijaze: *Tutakachobadilisha. Tutakachopima. Tutakachoacha kilekile.* Jaribio la haki ni lile lenye kitu kimoja tu katika mstari wa kwanza.

Hatua ya 2: Boksi kwa wote wawili

Hili ndilo kosa ambalo hata walimu tunalifanya. Tunafunika chupa moja kwa boksi na kuiacha nyingine wazi. Lakini boksi haliondoi mwanga peke yake. Linazuia pia upepo, linatunza unyevu na linabadilisha joto. Kwa hiyo uliza: "Boksi linaleta giza. Linaleta nini kingine?" Wape muda waweke mkono ndani ya boksi lililofungwa waone.

Suluhisho ambalo wanafunzi wangu walilifikia ni kufunika chupa zote mbili kwa maboksi yanayofanana, ila moja likatwe dirisha kubwa juu na ubavuni. Yote mawili yanakaa ndani ya darasa, karibu na dirisha lakini si kwenye jua kali.

Hatua ya 3: Panda

Toboa matundu manne chini ya kila chupa kwa msumari, la sivyo maji yatatuama na mbegu zitaoza. Jaza udongo kutoka ndoo moja uliochanganywa, panda mbegu tatu kila chupa kwa kina cha pingili moja ya kidole. Uliza kwa nini tatu na si moja. Kama hawajibu, usihangaike. Siku ya nane, mbegu moja ikikataa kuota, watakujibu bila kuulizwa.

Maji tunapima kwa vizibo vya chupa: idadi ileile kwa chupa zote mbili kila asubuhi. Hapa kuna ugumu wa kweli. Udongo wa mwangani hukauka haraka zaidi, kwa hiyo vizibo sawa si unyevu sawa. Mimi hutumia idadi ndogo inayotosha zote mbili, na huwaambia wanafunzi waguse udongo na kuandika wanachokuta. Boksi la gizani lifunguliwe chapuchapu, kwa sababu mche wa gizani unausikia hata mwanga wa muda mfupi.

Hatua ya 4: Pima

Miche hutokeza kati ya siku ya tano na ya nane, kutegemea joto. Kubalianeni mapema mnapima wapi hadi wapi: kutoka usawa wa udongo hadi ncha ya juu kabisa. Mche ukipinda kufuata mwanga, laza uzi juu ya shina, kisha pima uzi. Vikundi visipokubaliana hili, kimoja kitapima hadi kwenye ncha ya jani na kulinganisha kutaharibika.

Hatua ya 5: Siku ya kumi

Kikundi kimoja mwaka jana kilisoma hivi: miche ya mwangani sentimita 11, 12 na 13, ya gizani 19, 22 na 22. Wastani 12 dhidi ya 21. Msichana mmoja alipima upya mara mbili, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, tumekosea. Giza limeshinda." Wengine walitaka kufuta namba.

Usiwaruhusu wafute. Wala usikimbilie kueleza. Uliza:

"Vikundi vingine vimepata nini?" Vikundi tisa vikipata mwelekeo uleule, si kosa la rula.

"Mbali na urefu, miche hii inatofautianaje?" Watasema ya gizani ni ya njano, shina ni jembamba na lainilaini, majani ni madogo na yamejikunja. "Ungekuwa mkulima, ungechagua upi?"

"Chakula cha kurefuka imekipata wapi bila mwanga?" Waache wazibonyeze zile nusu mbili nene za mbegu zilizobaki kwenye shina. Zimesinyaa. Mche ulikuwa unakula akiba ya mbegu, ukiitumia yote kurefuka ili ufike kwenye mwanga. Akiba ikiisha, bila umbijani wa kutengenezea chakula, utakufa.

Ndipo nauliza swali ambalo somo zima lilikuwa linalielekea: "Tuliposema *kukua*, tulimaanisha nini?" Wanarudi kwenye mstari wa pili ubaoni, *Tutakachopima*, na kuuandika upya: urefu, idadi ya majani, rangi, unene wa shina. Jaribio lao lilikuwa la haki. Kipimo ndicho kilichokuwa kifupi kuliko swali.

Usitupe miche hiyo. Kikundi cha yule msichana kilitoa boksi, kikaiegemeza miche ya njano kwa vijiti, na kuandika utabiri: "Itakuwa kijani ndani ya siku tatu." Asubuhi ya pili majani yalikuwa yameshaanza kubadilika, na kabla kengele haijalia walikuwa wanabishana ni nani apime.