Somo: Kuandaa ukurasa wa matokeo ya kidato cha nne kabla msimu haujafika

Wadau, somo hili ni la wenye blogu ndogo za elimu. Nitatumia msimu mmoja tu, matokeo ya kidato cha nne ya Tanzania, kwa sababu ndio unaoadhibu vibaya anayechelewa. Anayeandika posti mpya siku NECTA inapotangaza anashindana na magazeti na tovuti kubwa ambazo Google huzipitia kila dakika chache. Posti yake inaweza kuingia kwenye orodha ya Google kesho yake, wakati wanafunzi wameshaona divisheni zao na kuzima data.

Hatua ya 1: Pata dirisha la siku

Matokeo hayana tarehe ya kudumu kama Sabasaba. Angalia yalivyotangazwa: 9 Januari 2020, 15 Januari 2021, 15 Januari 2022, 29 Januari 2023, 25 Januari 2024 na 23 Januari 2025. Wengi wakiona orodha hii huchukua wastani wakasema "ni baada ya tarehe 15". Mimi napanga kwa siku ya mapema zaidi. Ukiwa tayari tarehe 8 Januari na matokeo yakatoka tarehe 29, hujapoteza kitu. Kinyume chake kinakugharimu mwaka mzima.

Baada ya hapo fungua Google Trends, chagua Tanzania na miaka mitano, kisha andika "matokeo ya kidato cha nne". Utaona vilele vya Januari vimesimama kama nguzo. Kwenye miaka mitano kila nukta ni wiki nzima, kwa hiyo hutaona siku. Punguza kipindi kiwe Novemba hadi Februari ya msimu mmoja, na nukta zitakuwa za siku moja moja. Hapo ndipo utaona kinachotuhusu, yaani watu huanza kutafuta kabla ya tangazo, na uvumi ukipita WhatsApp mstari unaruka hata kama NECTA haijasema neno.

Tahadhari moja: namba 100 pale maana yake ni kilele cha kipindi ulichochagua. Haikuambii watu wangapi wametafuta. Na usiweke neno "necta" kwenye grafu hiyohiyo, kwa sababu litayalaza maneno mengine yote chini hadi udhani hayatafutwi.

Hatua ya 2: Gawa maneno kwa wakati wake

Mtu yuleyule anaandika maneno tofauti kadiri siku zinavyosogea. Desemba anauliza "matokeo ya kidato cha nne yanatoka lini". Siku yenyewe anaandika "matokeo kidato cha nne" na mwaka, au "form four results", au "necta csee". Kesho yake, akiwa ameshaona herufi na namba asizozielewa, anatafuta "division 3 point 23 inaenda wapi" au "jinsi ya kurisiti".

Mwaka ndio unaowachanganya wengi. NECTA inayaita matokeo kwa mwaka wa mtihani. Mtihani wa Novemba 2024 ni CSEE 2024, ingawa matokeo yametoka Januari 2025. Mtaani watu huandika 2024, wengine 2025, na wengi "2024/2025". Mimi naweka mwaka wa mtihani kwenye kichwa, halafu aya ya kwanza inaeleza kwa sentensi moja: "Haya ni matokeo ya mtihani uliofanyika Novemba 2024, yaliyotangazwa Januari 2025." Sentensi hiyo inamsaidia msomaji, na inabeba miaka yote miwili bila kurundika maneno.

Hatua ya 3: Ukurasa mmoja, anwani isiyo na mwaka

Hapa ndipo kazi ilipo. Usitengeneze posti mpya kila mwaka. Tengeneza ukurasa mmoja wa kudumu:

```
mfano.co.tz/matokeo-kidato-cha-nne/
```

Mwaka unakaa kwenye kichwa na ndani ya maandishi, ambako unabadilika. Anwani haibadiliki. Viungo ambavyo watu walikuwekea msimu uliopita vinaendelea kukufaa, na Google inaufahamu ukurasa tayari. Ukiwa na anwani yenye 2023, nyingine 2024 na nyingine 2025, kila moja inaanza upya, na mara nyingi ile ya zamani ndiyo inayotokea juu huku mpya ikibaki chini. Ukiona hivyo kwenye utafutaji wako, ujue kurasa zako zinapigana zenyewe. Elekeza zile kuukuu kwenye ukurasa wa kudumu kwa 301, yaani uelekezaji wa kudumu.

Tuchukue msimu wa mtihani wa 2024. Mwanzoni mwa Oktoba 2024 unabadilisha kichwa. Matokeo ya 2023 unayashusha chini kwenye sehemu ya miaka iliyopita. Usiyafute, yanatafutwa mwaka mzima. Juu unaandika ukweli wa wakati huo: mtihani unafanyika Novemba, matokeo bado, na miaka iliyopita yalitoka siku hizi na hizi. Hilo tayari ni jibu la "yanatoka lini".

Kisha unaweka vitu ambavyo havibadiliki. Eleza jinsi ya kuisoma orodha ya NECTA: shule zimepangwa kwa jina na namba ya kituo inayoanza na S, na watahiniwa wa kujitegemea wana namba inayoanza na P. Eleza divisheni: masomo saba bora, A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, ya nne 26 hadi 33, na sifuri 34 na 35. Sehemu hii ndiyo inayowabakiza watu kwenye ukurasa wako wakati tovuti rasmi imeelemewa.

Katikati ya Desemba ingia Search Console, zana ya Google inayokuonyesha maneno yanayouleta ukurasa wako, chuja ukurasa huo peke yake, uangalie kama umeanza kuonekana kwa maneno ya "lini". Ukikuta sifuri, ichunguze anwani kwa URL Inspection. Mara nyingi tatizo ni dogo: ukurasa umewekewa noindex kimakosa, yaani agizo la kuizuia Google isiuorodheshe, au hakuna kiungo hata kimoja kutoka ukurasa wa mbele kwenda kwake. Likigunduliwa Desemba, muda wa kulirekebisha upo.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Tangazo likitoka, badilisha mambo matatu tu: kichwa, aya ya kwanza, na kiungo cha NECTA. Andika na saa uliyobadilisha. Hakikisha ramani ya tovuti imebeba tarehe mpya:

```
<lastmod>2025-01-23</lastmod>
```

Halafu bonyeza Request Indexing mara moja. Kubonyeza mara kumi hakuharakishi chochote.

Sasa keshi. Wewe umeingia kama msimamizi, unaona ukurasa mpya, unafurahi. Wageni wanaona nakala ya jana inayosema "matokeo bado". Baada ya kuhifadhi, futa keshi ya programu-jalizi na ya Cloudflare kama unayo, kisha fungua ukurasa kwa simu nyingine ambayo haijaingia kwenye akaunti yako. Usiondoke mezani kabla ya hilo.

Hata hivyo keshi usiizime. Kwenye hosti ya bei ya chini, ndiyo itakayokuokoa trafiki ikija kwa mkupuo. Ondoa picha kubwa na matangazo mazito kwa siku hiyo, kwani msomaji wako yuko kwenye bando la siku.

Hatua ya 5: Wimbi la pili

Siku ya pili na ya tatu maswali yanahamia kwenye tahasusi, vyuo vya kati na kurisiti. Posti hizo ziandikwe Desemba, ziwe hewani, na ukurasa mkuu uwe na viungo vyake. Uchaguzi wa kidato cha tano wa TAMISEMI ni msimu mwingine, una ukurasa wake na kalenda yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Mwanza: Mkuu, nikiandika kichwa "Matokeo YAMETOKA" siku mbili kabla ili niwahi nafasi, kuna ubaya?

Jibu: Upo, mkuu. Mtoto anafungua akiwa anatetemeka, anakuta hakuna kitu, anarudi nyuma sekunde hiyohiyo na hakubonyezi tena siku ya kweli. Kichwa "yanatoka lini" kinapata watu walewale bila kuwadanganya. Na tafadhali usiweke fomu ya kuwaomba namba zao za mtihani. Huna kazi nazo.

Mdau wa Nakuru: Ndugu, sisi Kenya tuna KCSE. Naweza kutumia ukurasa mmoja kwa nchi zote mbili?

Jibu: Tenganisha. Matokeo ya KCSE yalitangazwa 8 Januari 2024 na 9 Januari 2025, yaani wiki mbili au zaidi kidogo kabla ya yetu kwa miaka hiyo. Maneno pia si yaleyale: Mkenya anaandika "KCSE results" na anataka gredi ya wastani, hajui divisheni ni nini. Ukichanganya, kila upande utaona nusu ya ukurasa si yake.

Dada wa Unguja: Nauza madera na kanzu mtandaoni. Nimelinganisha Aprili 2024 na Aprili 2025, naona nimeanguka vibaya. Je, ukurasa wangu umeshuka?

Jibu: Dada, huenda hujashuka. Idd husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Idd el-Fitr ya 2024 ilikuwa 10 Aprili, ya 2025 ikawa 31 Machi. Ukilinganisha Aprili kwa Aprili, unapima wiki za manunuzi dhidi ya wiki ambazo watu wameshavaa. Kwenye Search Console chagua ulinganisho wa tarehe unazoziandika mwenyewe, halafu hesabu kutoka Idd kurudi nyuma: siku 40 kabla ya Idd ya mwaka mmoja dhidi ya siku 40 kabla ya Idd ya mwaka mwingine. Ukurasa uwe tayari Shaabani, maana fundi naye anahitaji muda wa kushona.

Mdau wa Mbeya: Blogu yangu ina miezi miwili tu. Nina nafasi kweli kwa "matokeo ya kidato cha nne"?

Jibu: Kwa neno hilo tupu, msimu huu hapana. Chukua maneno marefu ya mkoa wako, "matokeo ya kidato cha nne Mbeya" na wilaya zake, pamoja na maswali ya wimbi la pili. Ukurasa wa mkoa wenye shule zilizopangwa kwa wilaya na kiungo cha kila shule kwenda NECTA ni kazi ya mikono ambayo tovuti kubwa nyingi hazihangaiki nayo. Orodha ya shule na namba za vituo iandae sasa kutoka matokeo ya mwaka uliopita, ili siku ile ubakiwe na kubadilisha viungo tu.