SOMO: Kukariri fomula na vinavyoingia/vinavyotoka vya PMP kwa kadi za Anki

Wakuu, wengi wanachukua michakato yote 49 ya PMBOK toleo la 6 wanatengeneza kadi moja kwa kila mchakato, nyuma wanajaza orodha ndefu. Kadi hiyo haikaririki, maana ukikumbuka vitu vitano kati ya nane hujui ubonyeze umepata au umekosa. Fanyeni hivi.

1. Kadi moja, swali moja, na swali liwe la makabidhiano. Chukua zao la mradi: linatoka kwenye utekelezaji linaingia kwenye kudhibiti ubora, likitoka hapo linaitwa zao lililokaguliwa, linaingia kwenye kuthibitisha skopu ambako mteja analipokea, linatoka likiwa zao lililokubaliwa, ndo linaenda kwenye kufunga mradi. Hapo unapata kadi kama nne hivi, mfano: "Zao lililokaguliwa linaingia mchakato gani?" Ukijua moja linatoka wapi, tayari unajua linaloingia kunakofuata.

2. Fomula usiulize herufi tu, weka namba. Mbele ya kadi:

```
BAC = 100,000  EV = 40,000  AC = 50,000
CPI? EAC?
```

Nyuma:

```
CPI = EV / AC = 0.8
EAC = BAC / CPI = 125,000
```

Kadi nyingine iulize 0.8 maana yake nini: kila shilingi uliyotumia imekuletea kazi ya senti 80, yaani unazidisha bajeti. Badilisha namba baada ya muda, la sivyo utakariri 125,000 badala ya fomula.

3. Jibu kwanza, kwa sauti au kwenye karatasi, ndo ugeuze. Ukigeuza ukasema "aah nilikuwa naijua hii", hiyo bonyeza Again.

MASWALI

Kiongozi, Anki inanipangia kadi baada ya miezi minne na mtihani ni mwezi ujao, inakuwaje?
Ingia mipangilio ya deki, shusha Maximum interval iwe siku 10 hivi, kila kadi utakayoijibu kuanzia hapo itarudi ndani ya siku hizo. Zile zilizokwisha kupangwa mbali hazisogei zenyewe, zichague kwenye Browse uzipangie siku ya karibu kwa Set Due Date. Marudio ya kila siku yataongezeka, kwa hiyo wiki ya mwisho usiongeze kadi mpya.

Mi EAC zinanichanganya, kuna ile ya AC + (BAC − EV), naitumia lini?
Hiyo ni pale hasara ilitokea mara moja na kazi iliyobaki itaenda kwa bajeti ya mwanzo. Kwa namba zetu: 50,000 + 60,000 = 110,000. Ya BAC / CPI ni pale mwenendo mbovu unaendelea. Kadi yake iandike kama hali, "mashine iliharibika mara moja, imeshatengenezwa, EAC ipi?", maana mtihani haukuambii tumia fomula gani.

Kuna kadi moja naikosa kila siku, nifanyeje mkuu?
Mara nyingi inafanana na nyingine. Tengeneza kadi inayozigonganisha: "Kudhibiti ubora na kuthibitisha skopu, kipi kinaangalia usahihi na kipi kinatafuta kukubaliwa na mteja?" Ile ya zamani ifute kabisa.