Mndimu wa maweni: jani jipya likipauka, mishipa ikabaki kijani

Mzee mmoja wa kusini mwa Unguja alinipeleka kwenye mindimu yake 12, iliyopandwa kwenye vishimo vya udongo katikati ya mawe ya matumbawe. Majani ya chini yalikuwa kijani kibichi. Ya juu, machanga, yalikuwa ya njano, karibu meupe, na juu ya weupe ule mishipa ilionekana moja moja, kijani, kama nyavu iliyotandazwa.

"Bwana shamba, nimeshaitilia urea mara mbili," akaniambia. "Haitaki kukubali."

Isingekubali, mzee wangu, kwa sababu mti ule haukuwa na njaa ya naitrojeni iliyomo kwenye urea, bali ya chuma. Mti ukikosa naitrojeni hula akiba yake mwenyewe: huinyonya kutoka majani ya zamani na kuipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo njano huanzia chini. Magnesi nayo huhama vivyo hivyo. Chuma hakihami. Kikishaingia kwenye jani hubaki humo, na jani jipya hutegemea kile tu ambacho mizizi inaleta siku hiyo. Mizizi isipoleta, jani la juu ndilo la kwanza kulia. Mishipa hubaki kijani kwa kuwa chuma kidogo kinachofika hupita humo kwanza, na nyama ya jani iliyo mbali na mshipa haipati kitu.

Chuma chenyewe kimo udongoni, tena kingi. Kwenye maweni, baina ya mawe, utaona udongo mwekundu, na wekundu ule ni chuma. Shida ni chokaa ya matumbawe, inayopandisha pH, kipimo kinachopanda tindikali ya udongo inapopungua, hadi 8 na zaidi kidogo. Kadiri pH inavyopanda, chuma hugeuka kutu isiyoyeyuka: kila ngazi moja ya pH ikipanda, kile kinachoyeyuka majini hupungua mara 1,000 hivi. Zinki nayo hupungua mara 100 hivi. Mzizi wa mndimu hujitahidi kutoa tindikali ili uyeyushe kutu iliyo karibu nao, lakini chokaa inaizima tindikali hiyo papo hapo.

Kuhakikisha ni chokaa, chukua udongo mkavu kiganjani na uukamulie ndimu. Ukifanya povu na kuchacha, una jibu. Kisha angalia birika la nyumbani. Kama maji ya kisima yanaacha magamba meupe ndani yake, ujue kila ndoo unayomwagilia inaongeza kinachozuia chuma. Kwa mzee, udongo ulichacha mpaka ukasikika, na birika lilikuwa na ganda nene kama ukucha.

Upungufu wa zinki hujulikana kwa umbo zaidi kuliko rangi. Majani hutoka madogo, membamba, yamesimama wima, na pingili za tawi hufupika hadi majani yakajikusanya nchani kama kifagio. Njano yake huwa ya mabaka, na pembeni mwa mshipa mkuu hubaki ukanda mpana wa kijani, wakati upungufu wa chuma huacha mistari myembamba tu. Kwenye mahindi machanga huonekana ukanda mweupe kila upande wa mshipa wa kati, kuanzia chini ya jani. Mara nyingi vyote viwili hukosekana pamoja, na ndivyo ilivyokuwa kwa miti 3 kati ya ile 12, iliyokuwa karibu na banda la kuku. Samadi ya kuku ina fosforasi nyingi, na fosforasi ikizidi huuzuia mti kupata zinki.

Kabla hujanunua kitu, uliza jani lenyewe. Yeyusha gramu 5 za salfeti ya chuma kwenye lita 1 ya maji ya mvua, na gramu 3 za salfeti ya zinki kwenye lita nyingine, kila moja na tone la sabuni. Kwa brashi ndogo, paka nusu ya jani changa, nusu ya pili uiache. Fanya hivyo kwenye majani manne kwa kila dawa, na uyafunge uzi ili usiyapoteze. Baada ya siku 7 hadi 10, pale chuma kilipokuwa kinakosekana, nusu iliyopakwa itakuwa imekolea kijani. Zinki hujibu polepole, na jani lililokwishadumaa halikui tena, kwa hiyo jibu lake kamili hutoka kwenye machipukizi yanayofuata.

Mzee alipoona jani lenye rangi mbili, aliomba tunyunyize siku ileile. Kwa bomba la lita 15 tulihitaji gramu 75 za salfeti ya chuma. Na hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha: ukiitia moja kwa moja kwenye maji ya kisima cha maweni, baada ya dakika chache maji hugeuka rangi ya chai. Hiyo ni kutu, na jani halinywi kutu. Tumia maji ya mvua. Kama huna, tia kwanza nusu kikombe cha maji ya ndimu yaliyochujwa, koroga, ndipo utie salfeti. Dawa nzuri hubaki angavu, yenye ukijani kwa mbali. Nyunyiza jioni, machipukizi yakiwa yamefikia kama theluthi mbili ya ukubwa wake, na jaribu tawi moja kwanza kwa kuwa inaweza kuunguza. Matunda yaepushe, huachiwa madoa. Miti ile 3 ilipata siku nyingine bomba lake la zinki, gramu 45 kwa lita 15.

Kunyunyiza huponya jani lililoguswa tu. Machipukizi yajayo yatatoka ya njano tena, na utarudia. Kumwaga salfeti ya chuma ardhini hakufai kitu kwenye maweni, kwa kuwa hugeuka kutu siku hizohizo. Kinachodumu ardhini ni chuma kilichofungwa ndani ya kemikali inayokizuia kisigeuke kutu, na hapo soma lebo kwa makini uone ni kemikali ipi. Kilichofungwa kwa EDTA huachia chuma chake kwenye udongo wa chokaa. DTPA huhimili hadi pH 7.5 hivi. EDDHA, unga mwekundu uliokolea, ndiyo inayohimili 8 na kuendelea. Ni ghali, kwa hiyo mpe mti mkubwa gramu 50 hadi 100 kwa mwaka, zikiwa zimeyeyushwa na kumwagwa palipo na mizizi, kisha ufunike, maana jua huiharibu.

Wengine wanashauriwa watie salfa kuua chokaa. Kila kilo 10 za chokaa humaliza zaidi ya kilo 3 za salfa, na wewe umekaa juu ya mwamba mzima wa chokaa. Mimi sishauri.

Nilichomshauri mzee kilikuwa rahisi zaidi. Aache kumwaga majivu kwenye mashina, kwa kuwa majivu nayo hupandisha pH. Anunue mbolea ya S/A, yaani salfeti ya amonia, badala ya mbolea ya CAN, ambayo ina chokaa ndani yake. S/A huufanya mzizi utoe tindikali. Gramu 200 kwa mti unaozaa, mara mbili au tatu kwa mwaka, mvua zikiwepo. Samadi ya kuku iende kwenye mchicha. Na asimwagilie kila siku: udongo ukilowa muda wote hukosa hewa, na hapo bikaboneti, inayozima tindikali ya mzizi, hujaa kwenye mizizi na njano huzidi. Amwagilie vizuri mara moja, auache udongo upumue, atandaze majani makavu.

Niliporudi baada ya wiki 5, miti 9 ilikuwa na ncha za kijani. Mmoja wa ile 3 ulikuwa umetoa tawi lenye pingili ndefu na majani mapana. Miwili iliyobaki, ile iliyo karibu zaidi na banda, ilikuwa bado na vifagio, na tukaipangia zinki tena machipukizi yatakapotoka.