Somo: Kusafisha madoa ya vumbi na alama za kidole kwenye anga tupu kabla ya kuunganisha picha

Picha tutakayoifanyia kazi imepigwa ufukwe wa Shela, Lamu, asubuhi jua likiwa limeshapanda. Lenzi ni ya mm 24, tundu limefungwa hadi f/16, na nusu yote ya juu ni anga la buluu lisilo na wingu. Tunataka kulipachika hapo jahazi lililopigwa picha siku nyingine. Ukiitazama picha kwa haraka utasema ni safi. Si safi: ina madoa ya vumbi yaliyotawanyika, na upande wa kulia kuna kiraka kikubwa chepesi cha weupe, alama ya kidole kwenye kioo cha mbele cha lenzi.

Kwa nini tusipachike kwanza, tukasafisha mwisho? Kwa sababu picha ya kuunganisha hufichua kila kitu. Jahazi lina mwanga wake na anga lina mwanga wake, kwa hiyo lazima utaongeza kontrasti upande mmoja ili vilingane, na doa ambalo halikuonekana linatoka hadharani. Lakini hasara kubwa iko kwenye maski. Wengi wetu tunalikata jahazi kwa kutumia chaneli ya Blue, kwa kuwa anga huko ni jeupe na tanga na mlingoti ni vyeusi zaidi. Ukikaza hiyo chaneli, doa la vumbi nalo linakuwa jeusi, na maski inalihesabu kama sehemu ya jahazi. Ukishapachika, unakuta vitone vinaelea juu ya tanga na hujui vimetoka wapi. Kwa hiyo hatua hizi zifanye kwenye picha zote mbili: ya anga na ya jahazi.

Jua unachokifuta

Vumbi na alama ya kidole haviondolewi kwa njia moja, maana havitokei kwa njia moja. Vumbi hukaa kwenye kioo cha kichujio kilicho mbele ya sensa, na unachokiona pichani ni kivuli chake. Tuchukulie umbali kutoka kwenye vumbi hadi sensa ni mm 2. Kwa f/16, ukingo wa kivuli hutawanyika kama mm 2 ÷ 16, yaani mm 0.125. Sensa yenye upana wa mm 36 na pikseli 6000 ina pikseli za mm 0.006, hivyo huo mtawanyiko ni kama pikseli 21. Ukifungua hadi f/4, mtawanyiko unafika mm 0.5, zaidi ya pikseli 80, na kivuli kinafifia kiasi kwamba jicho halikioni. Ndiyo maana mtu anapiga harusi mwaka mzima kwa f/2.8 akidhani kamera yake haina vumbi, halafu siku moja anapiga bahari kwa f/16 na kushtuka.

Alama ya kidole iko mbali na sensa na nje kabisa ya fokasi, haiwezi kutoa kitone. Inachofanya ni kutawanya mwanga: eneo fulani linakuwa jeupe kidogo na rangi yake inapungua nguvu, bila ukingo unaoweza kuushika.

Hatua ya 1: Andaa faili

Anza na faili la RAW kama unalo, na ulifungue Photoshop kwa 16 bits. Anga tupu ni mteremko wa rangi unaobadilika polepole mno. Ukiusukumasukuma ndani ya 8 bits, utaanza kuona mistari ya ngazi badala ya mteremko.

Hatua ya 2: Leya ya kukagulia

Juu kabisa weka leya ya Curves (Layer > New Adjustment Layer > Curves) na uipinde ipande na kushuka, namna hii:

```
Input   0  50 100 150 200 255
Output  0 255   0 255   0 255
```

Picha itageuka rangi za ajabu, usijali. Anga sasa lina mawimbi ya rangi, na kila doa linajitokeza kama kijiduara kilichovunja wimbi. Iite leya hiyo KAGUA. Ni ya macho tu, itafutwa mwishoni.

Kuna jambo moja la kuzingatia hapa. Madoa ya vumbi yatafute ukiwa kwenye 100%, ukitembea kipande kwa kipande kutoka kona moja. Alama ya kidole itafute ukiwa umerudi nyuma, 25% au chini yake. Ukiisogelea unaingia ndani ya kiraka chenyewe na hukioni tena.

Hatua ya 3: Vumbi

Tengeneza leya tupu chini ya KAGUA, iite VUMBI. Chukua Healing Brush Tool, na kwenye Sample chagua Current & Below. Brashi iwe pana kuliko doa kwa kiasi. Kwa picha hii pikseli 40 zinatosha. Hardness mimi naiweka kama 70%, kwa sababu brashi laini kupita kiasi huacha pete hafifu pale doa lilipokuwa.

Shika Alt, bofya anga safi, kisha gusa doa mara moja. Usiburute. Chanzo kichukue kulia au kushoto kwa usawa uleule, usichukue juu wala chini: anga linapoa rangi kadiri unavyopanda, na ingawa brashi hii inajaribu kulinganisha mwanga, ni bora usiipe kazi isiyo ya lazima.

Doa likiwa karibu na upeo wa bahari, au kwenye ile picha nyingine likigusa tanga, brashi hii itavuta rangi ya jirani na kuacha uchafu mpya. Hapo zungushia uteuzi anga pekee, kisha tumia Clone Stamp Tool, nayo kwa Current & Below.

Hatua ya 4: Alama ya kidole

Hapa ndipo watu huharibu. Wanachukua brashi ileile wanapaka kiraka kizima, matokeo yake anga lina mabaka. Kiraka hiki hakihitaji pikseli mpya. Pikseli zake ni nzima, zimepauka tu. Tuzirudishie rangi yake.

Zima KAGUA. Chukua Color Sampler Tool, Sample Size iwe 101 by 101 Average ili chengachenga zisikudanganye. Weka alama katikati ya kiraka, na nyingine mbili kwenye anga safi, kushoto na kulia kwake, usawa uleule. Soma kwenye Info. Kwa picha yetu katikati ya kiraka ni R 148, G 176, B 207. Wastani wa pande mbili safi ni R 139, G 170, B 206. Tazama namba hizo: nyekundu imepanda kwa 9, kijani kwa 6, buluu kwa 1 tu. Ndiyo maana kiraka kinaonekana cheupe, na ndiyo maana kukipunguzia mwanga kwa ujumla hakuleti rangi sahihi.

Juu ya VUMBI weka leya mpya ya Curves. Ingia Red, weka nukta: Input 148, Output 139. Green: 176 kwenda 170. Blue: 207 kwenda 206. Anga lote litabadilika. Bofya maski ya leya hiyo na uigeuze nyeusi kwa Ctrl+I, kisha chukua Brush Tool nyeupe, Hardness 0%, Flow 5%, brashi kubwa karibu nusu ya kiraka. Paka kutoka katikati kwenda nje, pole pole, ukiangalia picha ikiwa ndogo. Washa KAGUA uone: mawimbi ya rangi yakipita eneo hilo bila kupinda, umemaliza. Yakiwa bado yana tumbo, ongeza au punguza kwenye maski, usiguse tena namba.

Hatua ya 5: Funga

Futa KAGUA, hifadhi faili lenye leya zake, na anga la kupachikia litoe kama nakala. Ukiona sehemu yoyote ni laini kuliko jirani yake, chengachenga zimepotea hapo. Zirudishe kwa Add Noise, Gaussian na Monochromatic, kiasi kidogo sana, mpaka ifanane na jirani kwenye 100%.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi nimezoea Spot Healing Brush. Nikizima KAGUA nakuta vitone vya rangi ya kijani na zambarau kila nilipogusa. Shida nini?*

Umewasha Sample All Layers. Brashi imesoma picha pamoja na ile Curves ya juu, ikabandika rangi zake za ajabu kwenye leya yako. Ama zima KAGUA kabla ya kila mguso, ama hamia Healing Brush Tool yenye Current & Below. Mimi nashauri la pili.

*Mwalimu, shikamoo. Natumia GIMP, je, somo hili linanihusu?*

Marahaba. Linakuhusu, njia tu inabadilika. Nakili leya ya picha na ufanye kazi kwenye nakala. Kwa ukaguzi, tumia Layer > New from Visible, kisha kwenye leya hiyo pitisha Colors > Curves yenye mawimbi. Iangalie, kumbuka doa liko wapi, ifiche, rudi kwenye nakala na utumie Heal: Ctrl na kubofya kuchagua chanzo, halafu unagusa doa. Ukimaliza tengeneza leya nyingine ya ukaguzi, kwa kuwa ile ya kwanza haijui ulichorekebisha.

*Nitajuaje kama ni vumbi au ni ndege wa mbali? Huku Mombasa kunguru hawakosekani angani.*

Fungua picha nyingine uliyopiga dakika hiyohiyo kwa f/ ileile. Vumbi liko palepale kwenye fremu hata kama uligeukia upande mwingine, ndege amehama. Umbo pia linasaidia: vumbi ni duara lenye ukingo laini, au uzi uliojikunja, ndege huwa na ncha. Na ukigundua ni kunguru, amua unamtaka au humtaka, ila kumbuka kivuli na ukubwa wake vitapaswa kuendana na jahazi.

*Nina picha kumi na mbili za panorama. Nisafishe kabla ya kuziunga au baada?*

Kabla, dada. Kwa sasa doa moja liko sehemu moja katika picha zote, kwa hiyo unasafisha moja ndani ya Camera Raw kisha unazinakilishia nyingine, halafu unapitia kila moja, hasa zile ambazo doa limeangukia nyumba au mnazi. Ukishaziunga, doa lile moja linakuwa kumi na mawili, kila moja limepindishwa kivyake.

*Naweza kulitoa vumbi lenyewe nyumbani?*

Jaribu kwanza kifaa cha kupulizia cha mpira, kamera mdomo chini ili vumbi lidondoke, na betri iwe imejaa ili pazia lisijifunge katikati ya kazi. Usipulize kwa mdomo, mate yatakauka kwenye kichujio. Usitumie kopo la hewa ya shinikizo, linaweza kurusha kimiminika. Doa lililo upande wa juu wa picha litafute upande wa chini wa sensa. Kushoto na kulia, ukiwa umeitazama sensa kwa mbele, hubaki vilevile. Kisha piga ukuta mweupe kwa f/16, fokasi ikiwa nje, na uipitishe picha hiyo kwenye KAGUA. Lililobaki limeganda, na hilo linahitaji kijiti na dawa maalumu ya sensa.