Mafuta ya majani ya mdalasini yanazama, usimwage maji ya chini

Ndugu zangu wa Muheza mnaokeneka majani kwa mvuke, nawapa hili kabla hamjapoteza mafuta kama nilivyopoteza mimi.

Nilianza na mchaichai. Mafuta yake ni mepesi, yanaelea juu ya maji kama utando wa njano, unayakomba tu. Nilipohamia majani ya mdalasini nikafanya vilevile: nikachungulia juu, sikuona kitu, nikamwaga ndoo nzima. Chini kabisa kulikuwa na matone ya rangi ya kahawia yakiteleza kama asali. Ndiyo yalikuwa mafuta yenyewe! Majani ya mdalasini yana kemikali iitwayo yujeno kwa wingi, sawa na karafuu, nayo ni nzito kuliko maji.

Kwa hiyo kinga kwa chupa ya kioo ndefu, nyembamba, uiache itulie usiku kucha. Maji yakiwa bado meupe kama tui, kuna mafuta yaliyotawanyika, subiri. Kisha shusha mrija mwembamba mpaka chini, uvute taratibu kwa bomba la sindano.

Kuna wanaotia chumvi ili mafuta yatengane upesi. Kwa mchaichai inasaidia. Kwa mdalasini acha kabisa: chumvi huongeza uzito wa maji mpaka yakalingana na mafuta, na matone yanabaki yakining'inia katikati. Hifadhi kwenye chupa ya kioo cheusi, maana yujeno hula plastiki.